Mpangaji kalipa milioni 48, mkaguzi anataka niandike milioni 54. Nani yuko sawa?

#1 Hesabu_Namanve
Wakuu salaam. Mimi ni mhasibu wa kampuni ndogo yenye ghala moja pale Namanve. Julai mwaka jana tulisaini mkataba wa miaka 5 na mpangaji mmoja wa vyakula vya baridi. Kodi inapanda milioni 3 kila mwaka: mwaka wa kwanza milioni 48, halafu 51, 54, 57, na wa mwisho 60. Mwaka wetu wa hesabu unafungwa 30 Juni, kwa hiyo mwaka wa kwanza wa mkataba umelingana na wa vitabu.

Mpangaji kalipa milioni 48 zote, hajakosa robo hata moja. Nikaandika mapato milioni 48. Mkaguzi kaja, kapiga mstari mwekundu, kaandika 54 pembeni. Tena bloka aliyetuletea huyo mpangaji tulimpa kodi ya mwezi mmoja, milioni 4. Mimi niliitia kwenye gharama za mwaka, imekwisha. Mkaguzi anasema itoke huko ipandishwe kwenye thamani ya ghala.

Kimbembe ni hiki: nilipomwonyesha bosi ile 54 akaona kuna milioni 6 "zimebaki". Kabla sijamaliza kueleza ameshampigia mpangaji simu anamdai. Mpangaji akamwuliza, mzee, umeamkaje leo? Akakata simu. Sasa bosi ananiangalia mimi kama ndiye niliyeamka vibaya. Mkaguzi yuko sawa au anatuzungusha?

#2 Roleksi_Moto
Mpangaji kakata simu ya mwenye nyumba na bado yumo ndani. Huyo nampenda.

#3 Muzigo_Mbili
Hata mimi kodi imenisumbua. Nina vyumba viwili Kireka, muzigo tu, na nimeambiwa nilipe asilimia 12. Hiyo ya kupanda kila mwaka sijaisikia. Ni sheria mpya ya URA? Mbona kwako wanapandisha kwa milioni na siyo kwa asilimia?

#4 Roleksi_Moto
@Muzigo_Mbili anazungumzia kodi anayolipwa na mpangaji, siyo kodi anayowalipa URA. Hili neno litatuua. Naomba tukubaliane: katika uzi huu anacholipa mpangaji ni PANGO, kinachokwenda URA ni KODI. Atakayechanganya ananunulia wengine roleksi mbili, mayai matatu kila moja.

#5 Bi_Risiti
Nimeweka vitabu miaka 19 na sijawahi kuandika hela ambayo sijaitolea ankara. Mkataba unasema 48, ankara zinasema 48, benki inasema 48. Hiyo 54 imetoka wapi? Ni mapato ya hewa. Na mwaka wa tano atakapolipa 60, mtaandika 54 na kuificha 6? Bloka ni gharama ya mwaka alipolipwa. Wakaguzi wa siku hizi wanapenda kuonekana wamefanya kazi.

#6 Mzee_Kalamu
Bi Risiti, heshima yako, lakini hapa mkaguzi yuko sawa, na hajalianzisha yeye. Kanuni ya kimataifa ya hesabu za upangishaji, IFRS 16, inamtaka mpangishaji kwenye mkataba wa namna hii, ambao ghala linabaki lake na litarudi mikononi mwake, aandike pango kwa mstari mnyoofu. Akitaka kuacha huo mstari lazima aonyeshe mpango mwingine unaofuata vizuri zaidi jinsi manufaa ya mali yanavyotumika.

Jiulize mpangaji anapata nini. Mwaka wa kwanza anapata ghala lote, mlango uleule, mita zilezile. Mwaka wa tano anapata ghala lilelile. Hakuongezewa chumba. Kwa hiyo huduma uliyompa mwaka wa kwanza ni sehemu moja ya tano ya huduma yote. Jumla ya pango ni 48 + 51 + 54 + 57 + 60, milioni 270. Gawa kwa 5 upate 54. Kwamba mlikubaliana aanze kidogo amalizie na kikubwa, hayo ni mapatano ya lini hela zitakuja. Siyo kipimo cha kazi iliyofanyika.

Nilikagua hesabu za majengo Jinja na Kampala kabla sijastaafu. Ugomvi huu nimeukuta kila mahali ambapo mkataba una ngazi.

#7 Hesabu_Namanve
Asante Mzee. Sasa ile 6 naiweka wapi? Bosi akiiona kwenye orodha ya wadaiwa atapiga simu tena.

#8 Dada_Leja
Kosa la kwanza ni jina la akaunti. Nakisia umeiandika "malimbikizo ya pango". Neno malimbikizo kwa kila mwenye nyumba maana yake ni deni lililochelewa. Hata mimi ningepiga simu.

Iite "Tofauti ya kusawazisha pango", uitoe kabisa kwenye leja ya wadaiwa, iwe mali peke yake kwenye mizania. Mwaka wa kwanza: debiti benki 48, debiti tofauti 6, krediti mapato ya pango 54. Halafu mwonyeshe bosi safari yake yote. Mwaka wa pili analipa 51, unaandika 54, tofauti inaongezeka 3 na kuwa 9. Mwaka wa tatu analipa 54 kamili, inabaki 9. Mwaka wa nne analipa 57, kwa hiyo 3 zinatoka, zinabaki 6. Mwaka wa tano analipa 60, zile 6 zinatoka, sifuri.

Bi Risiti aliuliza mwaka wa tano tutaificha 6. Hatuifichi, tunaikrediti kwenye hiyo tofauti. Ndiyo 6 ileile tuliyoitanguliza mwaka wa kwanza. Na sifuri ya mwisho ndiyo kipimo chako: kama jedwali lako haliishii sifuri siku mkataba unapoisha, kuna namba umeikosea. Usihangaike kutafuta kosa kwingine kabla hujaona sifuri.

#9 Roleksi_Moto
"Mzee hii 6 siyo deni, ni tofauti." Jaribu kumwambia hivyo mwenye nyumba wangu wa Bwaise tarehe 5.

#10 Bi_Risiti
Sawa, hesabu ya Dada Leja nimeifuata na sifuri nimeiona. Lakini kampuni yake ni ndogo. Ile IFRS ya kampuni ndogo na za kati ina mlango: pango likipanda kwa sababu ya mfumuko wa bei, husawazishi, unaandika kama lilivyo. Milioni 3 kwa mwaka ni nini kama siyo mfumuko wa bei? Kwa hiyo 48 yangu inarudi.

#11 Mzee_Kalamu
Mlango upo, ni kweli, na nafurahi umeutaja maana wengi hawaujui. Ila una kitasa. Ngazi ziwe zimepangwa zifuate mfumuko wa jumla unaotarajiwa, kwa takwimu zinazochapishwa, tuseme za UBOS, na lengo liwe kumfidia mpangishaji kupanda kwa gharama zake. Angalia sasa ngazi zake. Kutoka 48 kwenda 51 ni asilimia 6.25. Kutoka 57 kwenda 60 ni asilimia 5.26. Ni shilingi zilezile 3 milioni, asilimia inashuka yenyewe kila mwaka. Hapo mtu alichagua namba nzuri ya mviringo, hakufungua takwimu yoyote.

Hesabu_Namanve, mnatumia ipi, ile kamili au ya kampuni ndogo?

#12 Hesabu_Namanve
Kamili. Benki iliyotukopesha ndiyo iliyotaka.

#13 Mzee_Kalamu
Basi huo mlango kwako haupo kabisa. IFRS 16 haina msamaha wa mfumuko kwa ngazi zilizoandikwa kwa namba.

#14 Bi_Risiti
Kwake haupo. Kwa mwingine aliye kwenye ile ndogo, bado nasema asilimia 5 na 6 hapa Uganda inaweza kutetewa. Nani aliweka sharti kwamba mkataba uitaje UBOS kwa jina?

#15 Kaka_wa_Gulu
Naomba niingize yangu maana ilinitoa jasho. Jengo la ofisi hapa Gulu, ngazi karibu sawa na hizo za Namanve, ila tulimpa mpangaji miezi 2 ya mwanzo bure ili apange vifaa vyake. Nikatengeneza jedwali la miezi 60, nikaandika:

```
=AVERAGE(B2:B61)
```

Ikatoa 4,517,241 kwa mwezi. Nikaandika miezi yote, roho safi. Mwisho wa jedwali tofauti ikagoma kwenda sifuri, ikasimama kwenye milioni 9 na kitu. Siku mbili nalitazama tu.

Kumbe ile miezi 2 ya bure niliiacha tupu, na AVERAGE haihesabu seli tupu. Iligawa kwa 58 badala ya 60. Nilipoweka 0 kwenye hizo seli mbili ikaja 4,366,667. Jumla ilikuwa milioni 262, yaani 270 kutoa 8 za miezi ya bure. Siku hizi naandika hivi tu:

```
=SUM(B2:B61)/60
```

Mwezi wa bure nao ni mwezi. Mtu yumo ndani, taa zinawaka, hivyo unabeba fungu lake la mapato hata kama senti haijaingia.

#16 Dada_Leja
Hii ihifadhiwe. Halafu ona ilivyo sumu: kosa la laki moja na nusu kwa mwezi hakuna atakayeliona mwaka wa kwanza. Linasubiri tu.

#17 Fundi_Mizania
Mmeganda kwenye pango, bloka mmemsahau. Mimi namjibu. Mkaguzi yuko sawa, milioni 4 inaingia kwenye thamani ya ghala. Baada ya hapo ni rahisi, inachakaa pamoja na ghala. Ghala likiwa la miaka 40, laki moja kwa mwaka, huisikii hata ikipita.

#18 Mzee_Kalamu
Fundi, nusu ya kwanza sahihi, ya pili hapana. Inapanda kwenye thamani ya ghala, lakini haichakai kwa miaka ya ghala. Inatolewa kwenye faida katika muda wa mkataba, kwa mpango uleule unaotumia kutambua pango. Miaka 5, mstari mnyoofu, basi laki 8 kila mwaka. Fikiri mwenyewe: mwaka wa sita mpangaji huyu hayupo, bloka atalipwa upya kwa mwingine. Ukiwa bado unabeba ada ya bloka wa zamani ndani ya ghala, umebeba nini?

Kwa hiyo kwenye daftari la mali weka mstari wa pili chini ya ghala, wenye miaka yake. Ghala lenyewe liendelee na uchakavu wake wa kawaida, halijaguswa na mkataba.

#19 Fundi_Mizania
Nimekubali. Kwetu tumeichakaza kwa miaka 40 kwa mikataba mitatu. Nyamazeni tu.

#20 Roleksi_Moto
Hakuna aliyesikia. Watu elfu moja tu wamesoma.

#21 Hesabu_Namanve
Kumbe kuna vingine sikuvitaja. Wakili alitutoza milioni 1.2 kuandaa rasimu ya mkataba. Tena tulibandika bango barabarani, laki 6. Na wakili huyohuyo tulimwahidi milioni 1 juu, alipwe siku mpangaji anaposaini, na tulimlipa. Zote zipande?

#22 Dada_Leja
Swali ni moja kwa kila risiti: kama huyu mpangaji asingesaini, hii hela ingetoka? Bango lingekaa barabarani vilevile, laki 6 imeshakwenda. Hiyo ni gharama ya mwaka. Rasimu, wakili angedai milioni 1.2 yake hata mpangaji angekimbia siku ya mwisho, au siyo? Kama ndivyo, gharama. Ile milioni 1 ya siku ya kusaini isingelipwa bila saini, hiyo inapanda. Bloka naye, bila saini hapati kitu, inapanda.

Kwa hiyo una milioni 5 kwenye mstari wa pili wa ghala, na kila mwaka unatoa milioni 1. Namba imekaa vizuri mpaka inatia shaka.

#23 Bi_Risiti
Mabloka wa Kampala wanataka hela ya kuonyesha nyumba hata usipopanga. Hiyo nayo?

#24 Dada_Leja
Hiyo kwa kawaida anaitoa mpangaji mtarajiwa. Ila ingetoka kwa mwenye nyumba, jibu ni lilelile: imetoka kabla ya saini na haikungoja saini, ni gharama.

#25 Fundi_Mizania
Kwa nini tusiikate tu ile 5 kwenye mapato? 54 kutoa 1, andika 53, mambo kwisha. Faida ni ileile.

#26 Mzee_Kalamu
Faida ya mwisho ni ileile, ila mapato yako yatakuwa uongo na ghala lako litakuwa limepunguka. Pango ni 54. Ada ni gharama. Ukiviunganisha, siku mtu akitaka kulinganisha mapato na mkataba hataweza. Viache viwili.

#27 Kijana_wa_Ushuru
Nimechelewa. Mnaongea kama URA haipo. Ankara ni 48, na kama mmesajiliwa VAT, asilimia 18 inatozwa kwenye hiyo 48 kwa kuwa ghala ni la biashara. Hakuna VAT kwenye tofauti ya kusawazisha, haina ankara. Mtu asije akatoa ankara ya milioni 6 ili "vitabu vilingane", nimeona mtu akifanya hivyo.

Kwenye kodi ya mapato ya pango (Roleksi, nimesema KODI, nipo salama) kampuni inalipa asilimia 30, na gharama unazoruhusiwa kutoa hazizidi nusu ya mapato ya pango. Kwa anayetumia mfumo wa kulimbikiza, sheria inaangalia ulichopata haki ya kukidai, hata kama malipo yameahirishwa. Mwaka wa kwanza haki yako kwa mpangaji ni 48. Ile 6 huna haki nayo bado, atakuwa anadaiwa akifika huko. Kwa hiyo mimi naandika 48 kwenye ritani, na 6 inazaa kodi iliyoahirishwa: asilimia 30 ya 6, milioni 1.8, inakaa kwenye mizania kama dhima.

#28 Kaka_wa_Gulu
Sisi ritani tunapeleka ile ya kusawazisha, kama vitabu vilivyo, na hakuna aliyewahi kuuliza. Mwishoni inalingana.

#29 Kijana_wa_Ushuru
Inalingana mwishoni, lakini miaka miwili ya mwanzo umelipa kodi ya hela ambayo hujaidai. Kutoulizwa siyo kukubaliwa, na kwa hali yako URA wangeuliza nini, wakati umewatangulizia? Na hiyo dhima ya 1.8 nayo ina ubishi, maana ukomo wa gharama kuwa nusu ya mapato unaweza kubadili kiasi halisi utakacholipa. Mshauri mmoja aliwahi kuniambia 30 kamili, mwingine 15. Mimi naweka 30.

#30 Mzee_Kalamu
Mimi ningemwuliza huyo wa 15 kama gharama za kampuni kweli zinafika ukomo kila mwaka. Ghala moja lisilo na meneja, sidhani.

#31 Muzigo_Mbili
Kwa hiyo mimi na vyumba vyangu viwili nisawazishe nini?

#32 Kijana_wa_Ushuru
Wewe hapana, ndugu yangu. Wewe ni mtu binafsi, unalipa asilimia 12 ya pango linalozidi milioni 2.82 kwa mwaka, bila kutoa gharama. Weka daftari la risiti, inatosha. Ila ukipandisha pango kumbuka sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022, usizidi asilimia 10 kwa mwaka.

#33 Muzigo_Mbili
Asante. Wapangaji wangu wawili mmoja ni shemeji. Hata asilimia 1 haipandi.

#34 Roleksi_Moto
Huyo mwandikie tofauti ya kusawazisha ya maisha.

#35 Fundi_Mizania
Sasa mnipe la kweli. Mwaka wa tatu mpangaji akija analia biashara mbaya, bosi akakubali pango lisipande tena, libaki 51 miaka mitatu iliyobaki. Ile 9 iliyokusanyika inakwenda wapi? Sisi tuliifuta yote siku hiyo, hasara.

#36 Mzee_Kalamu
Haifutwi. Mkataba wa mpangishaji ukibadilishwa unahesabiwa kama mkataba mpya kuanzia siku mabadiliko yanapoanza, na kilichotangulizwa au kulimbikizwa kwenye ule wa zamani kinachukuliwa kama sehemu ya malipo ya mpya. Malipo yajayo ni 51 mara 3, milioni 153. Ndani yake toa 9 ulizokwisha kuzitambua kama mapato, hutaziandika mara mbili. Zinabaki 144. Gawa kwa 3: milioni 48 kila mwaka.

Hakiki: miaka miwili ya mwanzo uliandika 54 na 54, ni 108. Ongeza 144, ni 252. Hela zilizoingia: 48, 51, halafu 153. Ni 252. Mpangaji anakulipa 51 na wewe unaandika 48, na bosi atauliza tena kwa nini vitabu viko chini ya benki. Safari hii atakuwa na sababu nzuri zaidi ya kukasirika.

#37 Dada_Leja
Na ile 3 ya bloka na wakili iliyobaki? Mkataba wa zamani umekufa kihesabu. Inafutwa au inaendelea?

#38 Mzee_Kalamu
Hapo sina mstari wa kukunukulia. Mimi niliendelea nayo kwa muda uliobaki, kwa kuwa mpangaji ni yuleyule na ndiye aliyeletwa na bloka huyohuyo.

#39 Kijana_wa_Ushuru
Mimi nimeona wakifuta. Mkataba mpya, gharama mpya. Ukisema ni mpya kwa pango, usiseme ni wa zamani kwa bloka.

#40 Dada_Leja
Naegemea kwa Mzee, lakini hoja ya Kijana inauma.

#41 Hesabu_Namanve
Wakuu, mnisamehe. Nimeusoma mkataba upya usiku huu kwa sababu ya maswali ya Fundi, ukurasa wa 7 nimekuta kitu. Mpangaji anaweza kuondoka mwisho wa mwaka wa tatu akitoa taarifa ya miezi 6, bila faini. Inabadilisha kitu?

#42 Roleksi_Moto
Banange. Maoni arobaini baadaye.

#43 Mzee_Kalamu
Inabadilisha kila kitu au haibadilishi chochote. Inategemea kama tangu siku ya kwanza kulikuwa na uhakika wa kuridhisha kwamba hatautumia huo mlango. Ukiwepo uhakika huo, muda ni miaka 5 na yote tuliyosema yanasimama. Usipokuwepo, muda wako ni miaka 3: 48 + 51 + 54 ni 153, gawa kwa 3 ni 51. Tofauti inakuwa 3 mwaka wa kwanza, inabaki 3 wa pili, bado 3 wa tatu...

#44 Dada_Leja
Mzee, sifuri! Mwaka wa pili analipa 51 na mapato ni 51, tofauti inabaki 3. Mwaka wa tatu analipa 54, 3 zinatoka, sifuri.

#45 Mzee_Kalamu
Asante mwanangu, usingizi. Sifuri mwaka wa tatu. Na milioni 5 za bloka na wakili zinagawanywa kwa 3, karibu milioni 1.67 kwa mwaka.

#46 Bi_Risiti
Kwa hiyo jibu sasa ni 51. Siyo 48 yangu wala 54 ya mkaguzi. Mkaguzi alisoma ukurasa wa 7?

#47 Hesabu_Namanve
Sijui. Nilimpa nakala yote.

#48 Kaka_wa_Gulu
Wa vyakula vya baridi, umesema? Amejenga chumba cha baridi ndani? Kama ameweka kuta za baridi na mashine kwa hela yake, haondoki mwaka wa tatu. Gharama ya kung'oa inamzuia kuliko faini.

#49 Kijana_wa_Ushuru
Kuna vyumba vya baridi vya makontena, unavipakia kwenye lori asubuhi na jioni uko Mukono. Hivyo havizuii mtu. Na hayo ni ya kupima kwa hali ilivyokuwa siku ya kuanza mkataba, siyo alivyojijenga baadaye.

#50 Kaka_wa_Gulu
Siku ya kuanza walijua kama anakuja kujenga au kuegesha. Michoro haikuwepo?

#51 Hesabu_Namanve
Michoro ipo, bosi anayo kwenye simu. Ninachokumbuka ni fundi akitoboa sakafu kuweka boliti, lakini sikumbuki ilikuwa ya mashine au ya rafu. Jumatatu nakwenda Namanve kuangalia, na michoro nitaiomba kabla bosi hajampigia mpangaji simu nyingine.

#52 Roleksi_Moto
Ukifika salimia mpangaji. Mwambie zile 6 zimekuwa 3.